Choo cha Shule Kinahesabiwa Kabla ya Msingi Kuchimbwa: Safari ya Mradi wa Kata, Toka Wazo hadi Matunzo

(Maelezo kwa wakazi wa Kata ya Kinyerezi kuhusu mzunguko wa mradi wa Halmashauri)



Katika mikutano ya mitaa neno mradi hutajwa mara nyingi, na karibu kila mara humaanisha ujenzi. Mradi hufika kwa kokoto kumwagwa, huonekana kwa kuta kupanda, na hukamilika kwa utepe kukatwa. Kwa Halmashauri hesabu ni nyingine. Ujenzi wa miezi minne ni kipande kifupi katika umri wa jengo linalotarajiwa kutumika miaka ishirini au zaidi, na mambo yatakayoamua kama litafika umri huo mengi yameshaamuliwa kabla fundi hajafika. Maelezo haya yanafuata mradi mmoja tu wa kawaida, matundu ya vyoo ya shule ya msingi, toka siku ulipotajwa mkutanoni hadi miaka kadhaa baada ya kukabidhiwa. Shule yenyewe ni ya mfano na takwimu zake zimewekwa kwa ajili ya hesabu. Taratibu zinazotajwa ndizo zinazotumika.

Choo kimechaguliwa kwa sababu. Darasa likipungua kila mzazi huona, maana watoto hukaa chini ya mwembe. Mwaka 2021 Serikali ilipopata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa na kuandaa mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, nchi nzima ilijua kwamba yangejengwa madarasa 15,000, na kila mkazi aliyapitia akayahesabu. Choo kikipungua huonekana kwa mtoto peke yake, katika nusu saa ya mapumziko.

Hatua ya kwanza ni kuibua mradi. Ichukuliwe shule yenye wanafunzi 900, wasichana 460 na wavulana 440. Kiwango kinachotumika nchini ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Wasichana wanahitaji matundu 23. Wavulana, kwa kuwa 440 ukigawanya kwa 25 hupata 17 na sehemu, wanahitaji 18. Jumla ni 41. Shule ina matundu 16. Mkutano mkuu wa mtaa unapouliza upungufu ni kiasi gani, jibu la haraka ni 25, na katika kata nyingi uibuaji huishia hapo: muhtasari huandikwa, idadi hupelekwa mbele.

Lakini mtu akienda shuleni saa nne asubuhi akasimama karibu na vyoo, ataona kwamba kati ya matundu 16 ni 11 tu yanayotumika. Matano yamefungwa kwa misumari. Hapo ndipo swali lenye thamani kuliko yote katika mzunguko mzima linapopaswa kuulizwa: kwa nini yamefungwa? Kama ni milango iliyooza, ni kazi ya seremala ya siku mbili. Kama shimo limejaa na halijanyonywa kwa miaka mitatu, basi kinachopungua shuleni ni fedha za kunyonya, na matundu mapya 25 yataingia katika foleni ileile ya kufungwa. Na kama shimo hunyonywa kila muhula na hujaa tena baada ya wiki mbili, tatizo liko ardhini, na hakuna idadi ya matundu itakayolitatua mpaka ardhi hiyo ieleweke. Sababu tatu hizi huzaa miradi mitatu tofauti yenye gharama tofauti kabisa, ingawa malalamiko ya wazazi katika hali zote tatu ni yaleyale: watoto hawana choo.

Muhtasari wa mtaa unaoandika sababu, na si upungufu peke yake, hupata uzito ufikapo kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako Diwani ni mwenyekiti na Mtendaji wa Kata ni katibu. Kuna pia suala la kalenda, ambalo wakazi wengi hawaambiwi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Bajeti ya Halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla, huingizwa katika mfumo wa mipango na bajeti uitwao PlanRep, hupitishwa na Baraza la Madiwani mwanzoni mwa mwaka, kisha huenda ngazi za juu hadi Bungeni. Wazo lililofika Kata mwezi Oktoba lina nafasi ya kuingia katika bajeti ya Julai inayofuata. Wazo hilohilo likifika Machi, kwa kawaida husubiri Julai ya mwaka wa pili. Si ajabu basi kwamba jambo lililosemwa na kukubaliwa mkutanoni laweza kukaa zaidi ya mwaka bila tofali moja, na hakuna aliyelificha.

Hatua ya pili ni tathmini ya awali. Hii ndiyo hatua inayostahili muda mwingi na ambayo, kwa desturi mbaya, hupewa siku moja. Mhandisi hufika, hupima eneo kwa futi kamba, hurudi na mchoro wa kawaida na jedwali la vifaa na gharama. Mchoro wa kawaida ni kitu kizuri. Huokoa fedha za usanifu na umeshajaribiwa kwingineko. Kasoro yake ni kwamba haujui udongo wa Kinyerezi.

Kinyerezi ni kata ya miinuko na mabonde. Mto Msimbazi, unaoanzia vilima vya Pugu na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda, unapita upande huu wa jiji, na vijito vinavyouelekea vimechonga ardhi. Juu ya mwinuko mchanga hufyonza maji haraka. Mita mia mbili chini yake waweza kukuta mfinyanzi, au maji yaliyo karibu sana na uso wa ardhi wakati wa masika. Shule mbili zinazotazamana ng’ambo ya bonde zaweza kuhitaji vyoo vya aina mbili.

Hapa hesabu ya matunzo inaingia, na inaingia kabla ya hesabu ya ujenzi. Matundu mapya 25 yatahudumia wanafunzi kama 550. Ikiwa kila mmoja, kwa kumwagia choo na kunawa mikono, atatumia lita 4 kwa siku, maji machafu yatakuwa lita 2,200 kila siku ya masomo. Tangi la lita 10,000 likiwa tupu Jumatatu asubuhi litakuwa limejaa kabla ya siku tano za masomo kuisha. Katika ardhi inayofyonza hilo si tatizo. Uchafu mzito hutuama chini ya tangi, maji hutoka upande wa pili kwenda shimo la kufyonza, na gari la majitaka huhitajika mara chache. Katika ardhi isiyofyonza kila lita lazima iondoke kwa gari. Mwaka wa shule una takriban siku 190. Lita 2,200 kwa siku 190 ni lita 418,000, sawa na safari 42 za gari la lita 10,000. Ikichukuliwa kwamba safari moja ni shilingi 100,000, gharama ya mwaka ni shilingi milioni 4.2.

Sasa fedha hiyo ipimwe na mfuko wa shule. Tangu elimu msingi bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imehesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zilizopangwa kufika shuleni, sehemu iliyobaki ikiwa ya vitabu. Kwa wanafunzi 900 hiyo ni milioni 5.4. Ndani yake kuna chaki, karatasi za mitihani, michezo, ofisi na ukarabati mdogo wa shule nzima. Hata Mwalimu Mkuu akitenga theluthi yake kwa ukarabati atapata milioni 1.8. Choo kinachodai milioni 4.2 kwa mwaka kitafungwa, na kitafungwa mapema. Hakuna uzembe wa mtu katika hilo, hesabu ndiyo inayokifunga.

Kipimo kinachotenganisha hali hizi mbili ni rahisi, na mkazi yeyote ana haki ya kuuliza kama kimefanywa. Huchimbwa kishimo chenye upana wa kama sentimita 30, katika kina ambacho shimo la kufyonza litafanyia kazi. Hujazwa maji na kuachwa usiku kucha ili udongo ushibe, kwa maana udongo mkavu hudanganya: hunywa ndoo ya kwanza kwa pupa hata ukiwa mfinyanzi. Siku ya pili hujazwa tena na muda hupimwa kwa saa. Maji yakishuka sentimita 2.5 ndani ya dakika chache, au hata nusu saa, ardhi inafaa, ingawa polepole zaidi kunadai shimo kubwa zaidi. Yakichukua zaidi ya saa nzima, shimo la kufyonza halitafanya kazi hapo. Kipimo kifanywe masika. Kikifanywa Septemba, maji ya chini ya ardhi yameteremka na shimo litaonekana zuri. Aprili hali hubadilika, na uchafu huanza kurudi juu kupitia matundu. Vilevile pawe na udongo mkavu wa mita moja na nusu au mbili kati ya kitako cha shimo na maji ya ardhini, na umbali usiopungua mita 30 toka kisima chochote, cha shule au cha jirani nyuma ya ukuta.

Ardhi ikikataa, tathmini haimaanishi kwamba watoto wakose choo. Humaanisha kulinganisha njia. Eneo laweza kuhamishwa upande wa juu wa uwanja. Mitaro mirefu isiyo na kina, yenye mabomba ya matobo, yaweza kutumia tabaka la mchanga lililo juu ya mfinyanzi. Vyoo vya shimo vilivyoboreshwa, vyenye bomba la hewa na visivyohitaji maji mengi, hufaa ikiwa maji ya ardhini yako mbali. Ikichukuliwa kwamba mitaro inaongeza milioni 8 katika gharama ya ujenzi, lakini inashusha gharama ya kunyonya toka milioni 4.2 hadi laki 3 kwa mwaka, nyongeza hiyo inarudi katika muda wa miaka miwili na kidogo. Mradi wa bei ya chini ulikuwa ndio ghali. Jambo hili halionekani katika jedwali la gharama linaloishia siku ya makabidhiano, na ndiyo sababu jedwali la namna hiyo halitoshi kupitisha mradi.

Kuna swali moja zaidi la tathmini ambalo husahauliwa hata na watu makini: gari la majitaka litapita wapi? Hosi zake ni za makumi machache ya mita. Tangi likijengwa nyuma ya madarasa, ukuta ukaongezwa mwaka unaofuata na jirani akajenga mpakani, gari litasimama barabarani na hosi haitafika. Na likishajaa, gari hilo lazima likamwage mahali palipoidhinishwa, kama mabwawa ya Vingunguti ambayo yamepokea majitaka ya magari kwa miaka mingi. Umbali huo toka Kinyerezi umo ndani ya bei ya kila safari.

Utekelezaji unajulikana zaidi, hivyo maelezo yake yatakuwa mafupi. Miradi ya shule mingi hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule na jamii hununua vifaa na kumlipa fundi wa kazi, badala ya kandarasi moja kubwa. Huundwa kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi ya vifaa na kamati ya ujenzi, na wajumbe wake ni wakazi pamoja na walimu. Manunuzi sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Mjumbe wa mapokezi ndiye mlinzi halisi wa mradi, kwa kuwa baada ya saruji kuingia katika zege hakuna anayeweza kuihesabu. Ahesabu mifuko ikiwa bado kwenye gari, asaini alichokiona na si kilichoandikwa kwenye hati. Tofali lililokauka lidondoshwe toka usawa wa kiuno. Likivunjika vipande vipande, shehena irudi. Zege la mfuniko wa tangi limwagiwe maji kwa siku zisizopungua saba, hata kama fundi ana haraka ya kwenda kazi nyingine, kwa kuwa mfuniko huo ndio watoto watakaosimama juu yake.

Mabadiliko yanayofanywa kazini yaandikwe. Bomba lililochorwa kupita kushoto likipita kulia kwa sababu ya mwamba, mchoro usahihishwe siku hiyohiyo. Baada ya miaka mitano fundi atakuwa kwingine, Mwalimu Mkuu atakuwa amehamishwa, na mtu atakayechimba kutafuta mfuniko wa tangi atakuwa na karatasi hiyo peke yake.

Makabidhiano ndiyo mahali ambapo fosi akaunti ina upungufu usiosemwa sana. Katika mkataba na mkandarasi kuna kipindi cha uangalizi, mara nyingi miezi sita au mwaka, na sehemu ya malipo huzuiwa mpaka kipindi hicho kiishe. Nyufa zikitokea hurekebishwa kwa fedha yake. Kwa fundi wa fosi akaunti ulinzi huo haupo ila ukiandikwa. Kamati ikimlipa yote siku ya mwisho, mlango utakaoshuka bawaba mwezi wa pili utatengenezwa kwa ruzuku ya chaki. Kwa hiyo makubaliano ya kazi yataje kiasi kitakachobaki na tarehe ya kukilipa, na tarehe hiyo iwe baada ya masika angalau moja. Mvua ndiyo mkaguzi wa kwanza asiyepewa taarifa.

Kitakachokabidhiwa kiwe zaidi ya funguo: mchoro uliosahihishwa, mahali pa mifuniko palipopimwa toka kona ya jengo, aina za koki na vitasa vilivyotumika ili vipuri vinavyofanana vipatikane, na karatasi moja inayoeleza nani anafanya nini. Karatasi hiyo ya mwisho ndiyo inayokosekana karibu kila mahali. Kamati ya Shule husema choo ni cha Halmashauri, Halmashauri husema kimeshakabidhiwa shuleni, na wote wawili wana hati zao.

Katika shule ya mfano huu karatasi ingeandikwa hivi. Usafi wa kila siku na sabuni ni wa shule, toka ruzuku ya uendeshaji. Koki, vitasa na bawaba ni vya Kamati ya Shule, kwa kiasi kilichotengwa mwanzo wa mwaka, siyo kwa mchango unaoitishwa kitu kikishavunjika. Kunyonya tangi ni jambo la kupangwa katika bajeti ya mwaka ya shule kwa tarehe, si kwa harufu. Na ukarabati mkubwa, kama paa au ukuta wa tangi, hupelekwa Halmashauri kupitia Kata, kwa maandishi, kabla ya Oktoba.

Tangi lenyewe halihitaji kubahatishwa. Mara moja kila muhula mlinzi au fundi hufunua mfuniko, huingiza mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe sehemu ya chini, huuacha kidogo kisha huutoa polepole. Tope zito huacha alama nyeusi kwenye kitambaa. Alama ikifika theluthi ya kina cha maji, ni wakati wa kuita gari, hata kama choo bado kinafanya kazi vizuri na hakuna aliyelalamika. Shule ikingoja mpaka maji yarudi juu, tope litakuwa limeshapita kwenda katika mitaro ya kufyonza na kuziba matobo. Mtaro ulioziba hausafishiki kwa kunyonya, huchimbwa upya.

Urefu wa alama huandikwa katika daftari pamoja na tarehe. Baada ya mihula mitatu daftari hilo hueleza tope linaongezeka kwa kasi gani, na Kamati huweza kujua muhula ambao gari litahitajika. Hueleza pia jambo jingine. Ikiwa tope ni kidogo lakini maji hayashuki, mitaro imeshindwa au wanafunzi wameongezeka kupita hesabu ya awali, na katika kata inayopokea familia mpya kila mwaka hilo la pili ni la kutarajiwa. Shule iliyojengewa matundu kwa wanafunzi 900 ikifika 1,150, upungufu mpya tayari upo. Mtaa unaokwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na daftari hilo mkononi unaibua mradi wake unaofuata ukiwa na sababu, idadi na tarehe, na mhandisi anayekuja kutathmini hapaswi kuanza kwa kuuliza tangi liko wapi.